Tangazo la kazi ukutani: watu wanavyodhani na ilivyo kweli

Nina kasteshenari Majengo hapa Dodoma, matangazo ya kazi ndo mkate wangu, na makosa ni yaleyale kila wiki. Juzi kaja mama mmoja wa duka la hadwea anatafuta mtunza stoo.

Dhana: neno kubwa kabisa liwe "NAFASI ZA KAZI"

Hapana jamani. Ubaoni kila karatasi ina hilo neno, sasa mtu anayepita na bodaboda atajuaje yako inamhusu? Kikubwa kiwe jina la kazi lenyewe. Mama nilimwekea MTUNZA STOO, Arial ya kukoza saizi 60, inakaa mstari mmoja kwenye A4, chini yake kadogo "nafasi 1, duka la hadwea".

Dhana: sifa zikiwa nyingi unapata mtu mzuri

Alikuja na sifa kumi na moja, mchapakazi, mwaminifu, anayejituma, nikamuuliza mama, ushaona mtu anajiona mvivu akaacha kuomba? Tukabakiza tatu zinazopimika: kidato cha nne, ameshika stoo mwaka mmoja, anajua kujaza leja ya bidhaa. Ile "awe binti asiyeolewa" nikaifuta kabisa maana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kubagua kwa jinsia na ndoa, na anayeomba kazi naye analindwa, sio mpaka awe ameshaajiriwa.

Dhana: "mwisho wiki mbili tangu tangazo hili" inatosha

Hapa ndo pananiuma. Wiki mbili tangu lini, wakati karatasi haina tarehe na imebandikwa sehemu tatu siku tofauti? "Mwisho Ijumaa" nayo hivyohivyo, karatasi inakaa mwezi mzima, kila wiki ina Ijumaa yake, basi simu hazikatiki. Halafu saa! Ukiandika 4:00 tupu mmoja anaelewa saa nne asubuhi mwingine anasoma kama simu yake inavyoandika, anakuja jioni na bahasha yake amechelewa masaa sita. Mama tulimwandikia hivi:

*Mwisho wa KUPOKEA maombi: Ijumaa, 13 Machi 2026, saa 10 kamili jioni. Lete barua na nakala ya cheti dukani, kaunta ya malipo.*

Kupokea, sio kutuma, maana kuna atakayempa konda bahasha Alhamisi kule Kondoa akajua kamaliza. Na siku na tarehe ziangalie kwenye kalenda zioane, zikigongana watu watachagua ile inayowapa muda zaidi.

Dhana: tarehe ya mwisho iwe nyekundu ndo inaonekana

Siku ya kwanza, ndiyo. Ila jua letu hili, printa ya wino wa maji, wiki moja tu wekundu umepauka na tarehe ndo imetangulia kupotea. Piga leza nyeusi, ikoze, izungushie boksi. Na pini nne, moja kila kona, upepo wa hapa unaujua.