Manii mepesi, mbegu chache? Namna ya kusoma majibu ya kipimo cha manii

Dhana: Manii yakiwa mepesi, mbegu ni dhaifu, yakiwa mazito, mwanamume yuko sawa.

Hii ndiyo inayochosha kuliko zote, maana inawapeleka watu kwa wauza dawa za "kuongeza uzito" kabla hawajafika maabara. Mbegu zenyewe ni sehemu ndogo sana ya ujazo wa manii. Kingine chote ni majimaji ya vifuko vya manii na ya tezi dume, kwa hiyo mtu anaweza kutoa manii mazito yasiyo na hata mbegu moja.

Tena, manii hutoka yakiwa yameganda, kisha huyeyuka yenyewe, mara nyingi ndani ya nusu saa na kwa kawaida kabla ya saa moja kwisha. Ukiyatazama baada ya hapo ukayakuta mepesi, umeona jambo la kawaida kabisa. Maabara huhofia kinyume chake: yakidondoshwa kutoka kwenye bomba na kuvutika uzi unaozidi sentimita 2, mnato umezidi, na mbegu hupata tabu kusogea humo.

Basi acha rangi na uzito, shika karatasi ya majibu. Anza na ujazo, kisha uzidishe kwa wingi wa mbegu katika kila mililita. Viwango vya chini vya Shirika la Afya Duniani, toleo la 2021, ni mililita 1.4 kwa ujazo, milioni 16 kwa kila mililita, na milioni 39 kwa jumla. Katika mwendo, tazama zile zinazokwenda mbele, ambazo karatasi nyingine huziandika daraja a na b: kiwango chake cha chini ni asilimia 30. Mbegu inayotikisika mahali pamoja isikufariji.

Chukua wanaume wawili. Wa kwanza ana mililita 1.6 na milioni 40 kwa kila mililita, jumla milioni 64, lakini zinazokwenda mbele ni asilimia 20 tu: karibu milioni 13. Wa pili ana mililita 4.5 na milioni 10 kwa kila mililita. Karatasi yake imewekewa alama ya "chache", naye amekwisha kata tamaa. Jumla yake ni milioni 45, na kwa kuwa asilimia 45 zinakwenda mbele, anabaki na zaidi ya milioni 20. Kwa hesabu hiyo huyu aliyeandikiwa "chache" amemzidi mwenzake. Namba moja ikisomwa peke yake hudanganya.

Dhana: Chini ya kiwango maana yake ni ugumba.

Viwango hivyo vilitokana na wanaume ambao wenzi wao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja. Kwa kila kipimo, asilimia 5 ya akina baba hao walikuwa chini ya mstari. Kuwa chini kunapunguza nafasi, hakufungi mlango, na kuwa juu si hati ya uzazi. Mbegu zikikosekana kabisa, hilo ni jambo jingine na linahitaji uchunguzi.

Dhana: Maumbo ya kawaida asilimia 4, basi mtoto atazaliwa na kasoro.

Hapana. Asilimia 4 ndicho kiwango chenyewe cha chini, kwa sababu kanuni za kupima umbo ni kali mno. Umbo la kichwa au mkia wa mbegu halitabiri sura wala viungo vya mtoto.

Dhana: Ukikaa wiki mbili au tatu bila tendo, majibu yatapendeza.

Ujazo na wingi vitapanda, lakini mwendo utashuka kwa kuwa mbegu zimezeeka zikisubiri. Kaa siku 2 hadi 7. Toa kwa mkono kwenye kikopo cha maabara, bila mafuta, sabuni wala kondomu ya kawaida, na kifike ndani ya saa moja kikiwa karibu na joto la mwili. Tone la kwanza likimwagika, sema: ndilo lenye mbegu nyingi zaidi. Ujazo ukiwa mdogo mara kwa mara ilhali hakuna kilichomwagika, mkojo upimwe baada ya kumwaga, kwani manii yanaweza kuwa yanarudi kwenye kibofu. Njia nayo inaweza kuwa imeziba.

Dhana: Karatasi moja inatosha.

Mbegu huchukua karibu miezi mitatu kutengenezwa na kukomaa. Homa kali ya malaria ya miezi miwili iliyopita inaweza kuonekana kwenye majibu ya leo, na dawa uliyoanza wiki jana haiwezi kusifiwa wala kulaumiwa. Majibu mabaya yarudiwe baada ya kipindi hicho, ikiwezekana maabara ileile. Na kama unachomwa sindano za testosteroni za gym au za "nguvu", mwambie daktari kabla hajakuandikia chochote. Sindano hizo huuambia ubongo kwamba homoni ipo ya kutosha, nao huacha kuyaamuru makende yatengeneze mbegu. Wingi unaweza kushuka hadi sifuri, na kurudi kwake huchukua miezi mingi baada ya kuacha.