Guanxi na mianzi: ngazi ya kumshushia mwenye kiwanda

Kazi yangu ni ukalimani wa wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wanaonunua vigae Foshan, mkoani Guangdong nchini China, na ugomvi mwingi ninaoitwa kuusuluhisha huanzia kwenye neno la kweli lililosemwa mbele ya watu wasiopaswa kulisikia. Mianzi ya Kichina, ambayo haihusiani na ile ya kujengea ingawa sisi Waswahili hatuwezi kuisoma bila kuifikiria, ni uso wa mtu, yaani hadhi yake machoni pa wenzake. Guanxi wengi huitafsiri kuwa kujuana, lakini ni zaidi ya hapo, kwa kuwa wenye guanxi wanadaiana fadhila, na kila mmoja anakumbuka deni lilipo.

Mteja wangu mmoja aliagiza vigae vya unene wa milimita 10, akatanguliza asilimia 30 ya malipo, na asilimia 70 ikabaki hadi mzigo ukamilike. Siku ya ukaguzi alifungua boksi, akapima, akakuta milimita 9, akamwita mwenye kiwanda mwizi mbele ya wafanyakazi wake. Vipimo vilikuwa upande wetu. Yule bwana alitabasamu, akatumiminia chai, akasema “yanjiu yanjiu”, yaani tutalichunguza, kauli ambayo mezani pa biashara mara nyingi ni hapana iliyovishwa nguo. Kwa siku tano ujumbe wetu wa WeChat ulijibiwa kwa adabu, bila tarehe wala bei. Kukiri kosa wakati ule kungekuwa kukubali kuumbuliwa mbele ya watu anaowalipa mshahara.

Wachina husema kwamba aliyekwama juu apewe “taijie”, ngazi ya kushukia. Tulimwendea mfanyabiashara aliyetutambulisha kiwandani hapo awali, naye akatualika sote chakula cha jioni, ambapo suala la vigae halikuguswa hadi sahani za mwisho, na hata hapo alisema tu kwamba huenda karatasi ya oda haikusomeka vizuri. Mteja wangu, ambaye nilikuwa nimemsihi sana garini, aliitikia, na wakati wa kugonganisha glasi akaishusha yake chini kidogo ya ile ya mwenye kiwanda, ishara ya kumheshimu. Asubuhi yake kiwanda chenyewe kilipendekeza kupunguza salio, na kiasi kilikuwa kikubwa kuliko tulichokusudia kuomba.

Punguzo lile halikuwa la bure, maana mpatanishi alikuwa ametumia fadhila yake kwa ajili yetu, na miezi michache baadaye alituomba tumpokee mpwa wake Dar es Salaam. Katika oda iliyofuata tuliandika unene na tofauti inayovumilika, mkataba ukapigwa muhuri mwekundu wa kampuni, kwa sababu guanxi ni ya mtu na mtu: meneja mauzo akihamia kiwanda kingine huondoka nayo, na anayerithi kiti chake hana deni lolote kwetu.