Je, wajua kwa nini mgeni kazini anaweza kukuzidi mshahara ilhali mko daraja moja?

"Mimi nina miaka sita hapa, yeye kaja juzi, na cheo chetu ni kimoja. Mbona ananizidi?"

Kwanza, daraja hupewa kazi, si mtu. Wanaofanya tathmini ya kazi hupima uzito wa maamuzi yake, ujuzi inaoudai, watu inaowasimamia na hasara inayotokea ikiharibika. Shahada yako ya pili haihesabiwi kama kazi yenyewe haiihitaji. Inauma, lakini ndivyo ilivyo.

Kila daraja lina kima cha chini, cha kati na cha juu. Cha kati ndicho cha kukikodolea macho, kwa sababu kwa kawaida huwekwa karibu na malipo ya soko kwa mtu anayeimudu kazi hiyo barabara. Anayejifunza bado hukaa chini yake, mbobezi hukaa juu.

Sasa tukokotoe. Tuseme ulipoajiriwa daraja lenu lilianzia 640 hadi 960, kati ikiwa 800. Ukaanza na 680, yaani asilimia 85 ya kima cha kati. Kila mwaka ukaongezwa asilimia 4, na leo baada ya miaka sita unapata kama 860. Unajiona umepanda. Lakini soko nalo lilipanda, mwajiri akalisogeza daraja: sasa ni 800 hadi 1,200, kati 1,000. Gawa 860 kwa 1,000 na utapata asilimia 86. Miaka sita yote umesogea hatua moja tu! Nyongeza zako zilikuwa zikilikimbiza daraja, hazikukupandisha ndani yake. Mgeni naye kaajiriwa kwa bei ya leo, 950.

Hapo hakuna sheria ya daraja iliyovunjwa, maana nyote mmo ndani ya mipaka. Hata hivyo mimi siiti hiyo haki. Mtu wa miaka sita anayefanya kazi vizuri alitakiwa awe amekaribia kima cha kati.

Kwa hiyo ukienda kwa watu wa rasilimali watu, usianze na mshahara wa mwenzako. Mazungumzo yatafungwa palepale. Uliza daraja lako linaanzia wapi na kuishia wapi, wewe uko asilimia ngapi ya kima cha kati, na ulikuwa ngapi ulipoanza. Kisha uliza ni nini kinachomtoa mtu asilimia 86 hadi 100. Wakitaja uzoefu wa mgeni kwenye kazi kama hiyo, au cheti ambacho kazi inakidai, hilo ni jibu linaloweza kukaguliwa. Wakisema "ndivyo alivyoomba", basi pengo limetokana na mapatano, na dawa yake ni marekebisho ya mshahara nje ya nyongeza ya mwaka. Asilimia 4 yako ya kawaida haitaliziba, kwa kuwa naye ataongezwa hiyohiyo.