Akiba ya mahari ihesabu kwa ng'ombe

Vijana wanaoniletea hesabu zao za mahari huwa na kosa moja linalofanana. Ukweni watataka ng'ombe, wao wanahesabu fedha. Miaka inapita, fedha inaongezeka kweli, lakini siku ya kununua ng'ombe hawatoshi, na hapo ndipo mkopo unapoingia.

Chukua mfano wa ng'ombe 10, miaka 4. Tuseme leo ng'ombe mmoja ni 100 kwa fedha yoyote unayotumia, na bei hupanda asilimia 8 kila mwaka. Ukigawa 1,000 kwa miaka 4, unaweka 250 kwa mwaka na kulala usingizi. Mwisho wa mwaka wa nne ng'ombe mmoja amefika 136. Ile 1,000 yako inanunua 7 tu, na chenji kidogo. Riba itapunguza pengo, ila mara nyingi hailizibi.

Mimi huwaambia wapige hesabu upya kila mwisho wa mwaka: ulizia bei sokoni, zidisha kwa 10, toa ulichonacho, gawa kwa miaka iliyobaki. Mwaka wa kwanza unaweka 250. Bei ikifika 108, zinahitajika 1,080. Umebakiza 830, kwa hiyo mwaka wa pili ni 277. Wa tatu ni 320, wa nne 413. Hata hivyo bei itakuwa imekutangulia kidogo: utakuwa na 1,260, nao ng'ombe 10 ni 1,360. Umepungukiwa na chini ya ng'ombe mmoja, na huyo mshenga mzuri anaweza kumwombea muda.

Mwaka wa nne ndio mzito. Kwa mwezi umetoka 21 hadi 34, na mshahara usipopanda utakwama. Ukiona mapema kwamba kiasi cha mwaka ujao hakiwezekani, ongeza mwaka mmoja sasa hivi, kabla familia hazijapanga siku. Tarehe ikishatangazwa, aibu ndiyo inayokopa.

Wengine huuliza, kwa nini nisinunue ndama mapema? Nunua, kama una mchungaji unayemwamini na malisho. Mtamba akizaa, umepata ng'ombe ambaye hukumlipia. Akifa kwa ugonjwa, akiba ya miezi kadhaa imekwenda naye, na tiba na chumvi hulipwa hata mwezi ambao huna kitu. Mimi nisingeweka zaidi ya nusu ya mahari kwenye zizi la mtu mwingine, hata awe mjomba.

Fedha ya sherehe iwe na daftari lake, na ya ugonjwa lake. Akiba nyingi za mahari nilizoona zikiyeyuka hazikuliwa na anasa, zililipa hospitali. Kwa hiyo kabla ya kuweka hata shilingi ya ng'ombe wa kwanza, tenga matumizi ya miezi mitatu, halafu usiyahesabu kabisa unapojibu swali la "umefikisha ng'ombe wangapi?"