"Niwekee riba kubwa tu, mi nitalipa"

Wiki hii pekee nimeisikia mara tatu. Namwambia mteja mkopo umekataliwa, anainama mezani kama ananipa siri: "Bosi, weka hata asilimia 40, we nipe tu." Jamani! Muuza nyanya akipandisha bei anapokea hela papo hapo, mi napokea ahadi, na ahadi ya asilimia 40 anaitoa kwa urahisi zaidi yule ambaye hata kulipa hawazi.

Piga hesabu na mimi. Watu 10, kila mtu milioni 1 kwa mwaka, riba asilimia 20. Tisa wanalipa, mmoja anapotea, narudishiwa milioni 10.8, nimepata laki 8. Sasa napandisha mpaka 40. Mama mwenye duka la jumla, anayejua kwenye mfuko wa sukari anapata shilingi ngapi, anaona hailipi anaondoka zake. Nafasi yake inachukuliwa na watu wa "Mungu atasaidia". Tuseme saba ndo wanalipa: 7 mara 1.4 ni milioni 9.8. Riba nimeidabo na bado nimepoteza laki 2!

Na hata huyo mama akibaki hatanunua tena sukari, faida yake haifiki 40, itabidi aingie kwenye vitunguu, ajaze lori, aombee bei ipande. Ikipanda faida yote yake, mimi napata riba ileile, ikishuka tunalia wote. Wachumi Stiglitz na Weiss waliliandika hili mwaka 1981: kuna kiwango cha riba ambacho ukikivuka mapato ya benki yanaanza kushuka, kwa hiyo benki inasimama hapohapo na wengine wanakosa hata kama wako tayari kulipa zaidi.

"Basi serikali ishushe riba kwa sheria wote tupate." Kenya walijaribu, Septemba 2016 riba ikafungwa isizidi pointi 4 juu ya riba ya benki kuu. Benki zikakimbilia hatifungani za serikali, wafanyabiashara wadogo wakabaniwa, Novemba 2019 sheria ikaondolewa.

"Nina hati ya nyumba." Hongera, ila mi sitaki nyumba yako, kuiuza ni kesi, na mwenza wako asiposaini hatujaanza hata.

"Mbona kausha damu wanatoa?" Wanatoa laki mbili, sio milioni 15, na jioni yule kijana yuko kibandani kwako anakusanya rejesho mkononi, siku usipofungua anajua kabla ya mumeo. Mi nitajua baada ya mwezi.

Ukikataliwa usiniongezee riba, punguza kiasi. Omba milioni 2 badala ya 15, mauzo yapitishe kwenye akaunti miezi sita, na lile daftari la mauzo njoo nalo, hata kama lina mafuta ya maandazi.