Sini ya 1/x ina mipaka, haina kikomo

Nimeisikia kauli hii mara nyingi, na mara ya mwisho aliitoa mwanafunzi wa kidato cha sita aliyekuwa akiwafanyia wenzake swali ubaoni: “Kikomo cha sin(1/x) kiko kati ya −1 na 1, kwa hiyo ukikizidisha kwa sifuri unapata sifuri.” Jibu aliloandika, kwamba x sin(1/x) inakaribia 0 pale x inapokaribia 0, ni sahihi, na wenzake walilinakili. Lakini sentensi iliyomfikisha kwenye jibu hilo si ya kweli, na ina ubaya wa pekee kwamba siku nyingine, kwa swali linalofanana na hili, itamfikisha kwenye jibu lisilo sahihi.

Njia anayoitafuta ni kanuni ya kubana. Ikiwa g(x) ≤ f(x) ≤ h(x) kwa kila x iliyo karibu na a, isipokuwa pengine a yenyewe, na ikiwa g na h zote zina kikomo kimoja L pale x inapokaribia a, basi f nayo ina kikomo hicho hicho. Waitaliano huiita kanuni ya askari wawili, kwa maana askari wawili waliomweka mfungwa katikati yao wakiingia kituo kimoja, mfungwa naye ataingia humo hata kama njia nzima alikuwa akiyumba. Kanuni yenyewe ni hiyo tu.

Linalohitaji nafasi zaidi ni maneno mawili ambayo kauli ya ubaoni imeyachanganya, yaani mpaka na kikomo. Mpaka ni jamaa wa kitenzi kupakana. Shamba lina mpaka wake na mto, na mpaka huo unakuambia usipoweza kuvuka, lakini haukuambii uko wapi ndani ya shamba wala unaelekea upande gani. Kikomo kimetoka katika kukoma, kama katika kikomo cha safari, na hapo ndipo lugha yetu inapotusaidia nusu na kutupotosha nusu. Inatusaidia kwa sababu safari moja haina vikomo viwili. Inatupotosha kwa sababu katika hisabati hakuna kinachosimama, na fankisheni haihitaji kufika kwenye kikomo chake wala haikatazwi kukipita na kurudi. Kinachotakiwa ni kwamba ukichagua umbali wowote, hata uwe mdogo kiasi gani, thamani zote za fankisheni zibaki ndani ya umbali huo kutoka L mara x inapokuwa karibu vya kutosha na a. Kikomo, basi, ni namba moja mahususi. Kusema kwamba “kiko kati ya −1 na 1” ni kudai kwamba namba hiyo ipo, ila hatujaijua.

Kwa sin(1/x) namba hiyo haipo. Chukua x = 2/(41π), ambayo ni takribani 0.0155. Hapo 1/x ni 41π/2, yaani mizunguko kumi kamili na robo, na sini yake ni 1. Sogea kidogo hadi x = 2/(43π), takribani 0.0148, na sini imeshashuka hadi −1. Weka 45 na 47 badala ya 41 na 43, uendelee hivyo bila mwisho, na utaona kwamba karibu na sifuri, hata ukaribu uwe wa kiasi gani, zipo thamani za x ambapo fankisheni ni 1 na nyingine ambapo ni −1. Mipaka yake inaguswa mara zisizohesabika, na hakuna namba moja inayokaribiwa.

Wapo wanaokataa hili kwa sababu kikokotoo kimewaonyesha vingine, na hao nawaelewa. Kikiwa kimewekwa katika digrii, ukiingiza x = 0.001, kisha 0.0001, kisha 0.00001, sin(1/x) hutoka −0.9848 kila mara, na mtu mwangalifu huandika kwamba amekipata kikomo. Sababu ni kwamba 1000, 10000 na 100000, kila moja ikigawanywa kwa 360, huacha baki ya 280, kwa hiyo mara zote tatu kinachosomwa ni sini ya digrii 280. Badili kikokotoo kiwe katika rediani, ambazo ndizo zinazokusudiwa katika somo hili, na namba zilezile za x zitatoa 0.8269, kisha −0.3056, kisha 0.0357.

Sasa turudi kwenye x sin(1/x). Kanuni inayosema kwamba kikomo cha zao ni zao la vikomo hudai kwanza kwamba kila kizidishi kiwe na kikomo, nayo sini yetu haina, kwa hiyo mlango huo umefungwa. Lakini sini ina mipaka, na kubana hakuhitaji zaidi ya hapo. Ukubwa wa sin(1/x) hauzidi 1 kwa x yoyote isiyo sifuri, kwa hiyo ukubwa wa zao hauzidi ukubwa wa x:

−|x| ≤ x sin(1/x) ≤ |x|

Pande zote mbili zinakaribia 0, na kilicho katikati kinakaribia 0. Kwenye x = 2/(41π) zao ni 0.0155, kwenye x = 2/(43π) ni −0.0148, kuyumba kunaendelea, ila nafasi ya kuyumbia inazidi kuwa finyu.

Alama za |x| hapo si pambo. Wengi huchukua −1 ≤ sin(1/x) ≤ 1 na kuzidisha kote kwa x, wakaandika −x ≤ x sin(1/x) ≤ x. Weka x = −0.2 uone kinachodaiwa: kwamba kuna kitu kisichopungua 0.2 na kisichozidi −0.2. Kuzidisha kwa namba hasi hugeuza alama za kutolingana, na |x| inatuepusha na hilo kwa pande zote mbili za sifuri kwa pamoja. Kwa x² sin(1/x) tatizo hili halijitokezi, kwa kuwa x² haiwi hasi, na labda ndiyo maana kosa hudumu muda mrefu bila kugunduliwa.

Na ile kauli kwamba ukizidisha kwa sifuri unapata sifuri? Jaribu x · (1/x) sin(1/x). Kizidishi cha kwanza kinakaribia 0, lakini kilichobaki, (1/x) sin(1/x), hakina mipaka karibu na sifuri, na zao lote ni sin(1/x) yenyewe, ambayo tumeona haina kikomo. Vilevile, mipaka ya sini pekee haitoshi pale kizidishi kingine kisipoelekea sifuri. Katika (2 + x) sin(1/x), walinzi wa pembeni wanaishia 2 na −2, hawakutani, na kanuni ya kubana haisemi lolote.

Kwa hiyo yule mwanafunzi wa ubaoni hahitaji kufuta jibu lake. Abadilishe sentensi moja tu, aandike: “sin(1/x) haina kikomo kwenye 0, lakini haitoki nje ya −1 na 1, kwa hiyo x sin(1/x) imebanwa kati ya −|x| na |x|, ambazo zote zinakaribia 0.”