VWAP yenye nanga na maeneo ya biashara nyingi: dhana potofu na ukweli

Dhana: VWAP yenye nanga ni wastani wa bei tu.

Ni wastani unaohesabiwa kuanzia mshumaa uliouchagua, yaani nanga, ila kila bei hupewa uzito wa hisa zilizouzwa kwayo. Chukua mishumaa mitatu, kila mmoja ukiwa muhtasari wa biashara ya dakika 5, tangu soko la New York lifunguliwe. Wa kwanza una bei ya dola 100 na hisa 50,000. Wa pili 102 na hisa 10,000. Wa tatu 101 na hisa 20,000. (Bei ya kila mshumaa ni ya juu, ya chini na ya kufunga, zikijumlishwa na kugawanywa kwa 3.) Wastani wa kawaida ni 101. VWAP ni 100.50, kwa sababu hisa nyingi ziliuzwa mwanzoni.

Sasa hamishia nanga kwenye mshumaa wa pili: mstari unaruka hadi 101.33. Ndiyo maana nanga huwekwa penye tukio, kama vile siku kampuni ilipotangaza faida. Ukiisogezasogeza mpaka mstari uguse bei unapopenda, umejichorea matumaini yako mwenyewe.

Dhana: Jedwali la kiasi kwa kila bei huonyesha hasa biashara ilifanyika wapi.

Hapa ndipo wengi hupotea. Mshumaa hausemi hisa zake ziliuzwa kwa bei gani. Unasema jumla tu. Tuseme ule wa kwanza ulitembea kutoka 99.75 hadi 100.25. Programu nyingi huugawa mwendo huo sawasawa: ukiwa na ngazi tano za senti 10, kila ngazi hupata hisa 10,000. Kumbe huenda hisa 40,000 ziliuzwa karibu na 100.20 peke yake! Kadiri mshumaa ulivyo mrefu, ndivyo kadirio linavyokosea. Jipime hivi: chora siku ileile kwa mishumaa ya dakika 1, kisha ya dakika 15. Kilele, yaani ngazi yenye hisa nyingi zaidi, kikihama ngazi kadhaa, usikitegemee.

Kwenye fedha za kigeni hali ni ngumu zaidi. Soko halina mahali pamoja pa kuhesabia, hivyo kiasi unachokiona mara nyingi ni idadi ya mabadiliko ya bei kwa dalali wako.

Dhana: Tahadhari uliyoweka kwenye eneo la biashara nyingi ikilia, bei itageuka.

Tahadhari inasema bei imerudi mahali ambapo wengi walifanya biashara, basi. Inaweza kugeuka, kupita, au kuzubaa humo saa nzima. Tena kilele cha leo bado kinahama kadiri biashara inavyoendelea, kwa hiyo mimi hutumia cha jana, kilichokwisha kufungwa.

Ukiweka sharti la "bei iguse 100.20", simu italia kila mshumaa bei ikicheza hapo. Weka eneo, tuseme 100.10 hadi 100.30, na ilie pale tu bei inapoingia ikitoka nje. Ikishalia inyamaze, hadi bei iende angalau senti 30 mbali na ukingo wa eneo.